Himoglobini imebaki nyuma ya albumini: kusoma jeli ya protini zilizo katika umbo lao la asili

Kijana mmoja ninayefanya naye kazi maabara alinijia ameshika picha ya jeli. Safu ya kwanza alikuwa ameweka albumini ya damu ya ng'ombe, safu ya pili himoglobini, kila moja mikrogramu 10. Jeli, ambayo protini huvutwa ndani yake kwa umeme, ilikuwa ya akrilamaidi asilimia 6, haina SDS, na sampuli hazikuchemshwa.

"Kaka, himoglobini yangu imeharibika," akasema. "Imeungana mbilimbili. Tazama ilipoishia."

Nikatazama. Albumini ilikuwa imetoa mkanda mnene ulioshuka mbali, na juu yake mkanda mwembamba wa albumini pacha, yaani molekuli mbili zilizoshikana. Himoglobini ilikuwa imesimama karibu kabisa na ule wa pacha. Albumini moja ina kilodaltoni 66.5, pacha wake 133. Himoglobini nzima, yenye minyororo yake minne, ina kilodaltoni 64.5 tu. Kwa mtu aliyezoea jeli za SDS, himoglobini ilipaswa kukaa ubavuni mwa albumini moja. Kwa kuwa ilikuwa juu sana, kijana alihitimisha kwamba uzito wake umeongezeka maradufu.

Himoglobini ile ilikuwa nzima. Kilichokosewa ni usomaji, na kosa hili ndilo ninaloliona kuliko mengine yote kwenye jeli za namna hii, kwa hiyo nitalikalia kwa muda kabla ya kufika kwenye mengine.

Kwa nini uzito hauongozi mwendo

SDS ni sabuni. Ukichemsha protini nayo, hujipachika kwenye mnyororo wote, takriban gramu 1.4 za sabuni kwa kila gramu ya protini, na kuufumua. Chaji ya protini yenyewe humezwa na chaji hasi ya sabuni, na umbo lake hupotea. Protini zote zinabaki zikivutwa kwa nguvu inayolingana na urefu wa mnyororo, na jeli inafanya kazi ya chekecheke tu. Ndiyo maana jeli ya SDS inaweza kukupa uzito: tumeifuta chaji na tumelifuta umbo kwa makusudi.

Ukiiondoa SDS, vyote viwili vinarudi. Sasa kila protini inavutwa na chaji iliyo nayo yenyewe katika pH ya jeli, na inasuguana na nyuzi za jeli kwa ukubwa na umbo lake halisi. Albumini hupoteza chaji yake karibu na pH 4.7, katika jeli ya pH 8.8 iko mbali sana na hapo, hivyo imejaa chaji hasi. Himoglobini ya mtu mzima hufikia sifuri karibu na pH 7. Katika pH 8.8 ina chaji hasi, lakini kidogo. Ni kama mikokoteni miwili yenye mzigo sawa sokoni, mmoja unasukumwa na watu kumi na mwingine na watatu. Anayeona wa pili umechelewa akasema mzigo wake ni mzito zaidi, hajahesabu wasukumaji.

Umbo nalo lina sauti yake. Faibrinojeni ya damu ina kilodaltoni 340, ilhali thairoglobulini ina 669, karibu mara mbili. Lakini faibrinojeni ni ndefu na nyembamba, na inapojigeuzageuza majini inachukua nafasi ya tufe lenye nusukipenyo cha nanomita 10.7 hivi, thairoglobulini, iliyojikusanya, ni nanomita 8.5. Iliyo nyepesi ndiyo inayopata taabu zaidi kupenya. Mwanzi mrefu ukipita kichakani unanasa kuliko kitita kizito kilichofungwa vizuri.

Ushahidi wa wazi kabisa wa nguvu ya chaji unatoka kwenye ugonjwa tunaoufahamu sana kwetu, selimundu. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya mgonjwa wa selimundu hutembea tofauti na ya mtu asiye nao katika uwanja wa umeme. Walifanya hivyo ndani ya majimaji, bila jeli yoyote, kwa hiyo hapakuwa na chekecheke la kulaumu. Leo tunajua tofauti yenyewe: katika kila mnyororo wa beta, asidi ya glutamiki moja imebadilishwa na valini. Himoglobini nzima ina minyororo miwili ya beta, hivyo imepungukiwa chaji hasi mbili, na uzito umepungua daltoni 60 hivi kati ya 64,500. Hakuna jeli ya SDS itakayokuonyesha tofauti hiyo ya uzito. Chaji mbili zinatosha kuzitenganisha kwa macho.

Dalili: mkanda umekaa mahali pasipolingana na uzito

Jambo la kwanza, usiweke ngazi ya uzito ya jeli za SDS pembeni na kusoma kilodaltoni. Hata ngazi zinazouzwa kwa ajili ya jeli za asili zinakuambia tu kwamba jeli imekimbia sawasawa. Hazikupi uzito wa protini yako, kwa sababu protini zilizomo zina chaji zao na yako ina ya kwake.

Swali la kweli ni hili: mkanda umechelewa kwa sababu protini ni kubwa, au kwa sababu haivutwi kwa nguvu? Jeli moja haiwezi kulijibu. Jeli mbili au tatu zenye asilimia tofauti za akrilamaidi zinaweza. Mantiki ni nyepesi: ukikaza matundu, protini kubwa inaumia zaidi kuliko ndogo, lakini chaji yake haibadiliki. Kwa hiyo usitazame mkanda uko wapi. Tazama umerudi nyuma kiasi gani jeli ilipokazwa. Njia hii ina jina la Ferguson, aliyeieleza mwaka 1964.

Pima umbali wa mkanda tangu mwanzo wa jeli, gawanya kwa umbali wa rangi ya bromofenoli inayotangulia mbele ya protini zote, upate Rf, yaani mwendo wa mkanda ukilinganishwa na wa rangi. Fanya hivyo kwa kila jeli, kisha chora grafu ukitumia

```
log10(100 × Rf) = log10(Y0) − Kr × T
```

ambapo T ni asilimia ya akrilamaidi. Kr ni mteremko wa mstari na unatokana na ukubwa na umbo. Y0 ni mahali mstari unapokata kwenye T = 0, yaani mwendo ambao protini ingekuwa nao kama jeli isingekuwepo, na huo unaongozwa zaidi na chaji.

Nilimchorea kijana hesabu ya mfano kwenye karatasi, kwa tarakimu nilizochagua ili jambo lionekane. Albumini moja ikiwa na Rf 0.54 kwenye asilimia 6, iwe 0.28 kwenye asilimia 10. Albumini pacha iwe 0.31 kwenye 6, na 0.11 kwenye 10. Himoglobini iwe 0.29 kwenye 6, na 0.16 kwenye 10. Kwenye asilimia 6 himoglobini na albumini pacha wanagusana, na hapo ndipo macho hudanganyika. Sasa gawanya ya kwanza kwa ya pili. Albumini moja imepungua karibu mara 2. Himoglobini nayo imepungua karibu mara 2. Albumini pacha imepungua karibu mara 3. Himoglobini inaumizwa na matundu kama kitu chenye ukubwa wa albumini moja, si kama pacha. Zaidi ya hapo, kwenye asilimia 10 wawili hao hawagusani tena: himoglobini imempita pacha. Mikanda inayopishana nafasi jeli inapokazwa haiwezi kuwa na maelezo ya ukubwa peke yake.

Kwenye grafu, utaona sura mbili za kukumbuka. Protini zenye ukubwa unaokaribiana na chaji tofauti hutoa mistari inayoenda sambamba, kama himoglobini na albumini moja. Protini ileile iliyojiunga mbili au tatu hutoa mistari yenye miteremko tofauti inayokutana karibu na sehemu moja pale T = 0, kwa sababu ikijiunga mara mbili chaji na ukubwa huongezeka pamoja. Kijana alirudia na jeli za asilimia 6, 8 na 10, akapata sambamba. Sipendi kutumia jeli mbili tu kwa matokeo ya kuandika, maana alama mbili hunyooka daima hata zikiwa na makosa. Tatu ndiyo ya chini, tano ni nzuri.

Tahadhari moja: Kr inachanganya ukubwa na umbo, haivitenganishi. Faibrinojeni ingekupa mteremko mkali na ungeidhani nzito kuliko ilivyo. Njia ya Ferguson inaondoa chaji kwenye hesabu, umbo linabaki.

Dalili: kisima kiko tupu na jeli iko tupu

Umeweka protini, umepaka rangi, hakuna kitu. Wengi hufikiria protini imemeng'enywa. Uliza kwanza pH ambayo chaji yake ni sifuri. Laisozaimu ya yai iko karibu na 11, saitokromu c karibu na 10. Kwenye jeli ya pH 8.8 hizi zina chaji chanya, kwa hiyo zilipanda juu kuelekea elektrodi hasi na kuzama kwenye bafa ya juu dakika chache baada ya kuwasha umeme. Hazikuwahi kuingia. Zitafute kwa jeli ya tindikali, pH 4 na kidogo, na ugeuze nyaya ili elektrodi hasi iwe chini. Bromofenoli haitakusaidia kama rangi ya kufuatia huko kwa kuwa yenyewe ina chaji hasi. Tumia kijani cha methili.

Kama protini inaonekana ikiwa imeganda mdomoni mwa kisima, hiyo ni habari nyingine. Hapo ama imejikusanya kuwa mabonge kabla ya kupakiwa, ama ni kundi la protini zilizoshikana ambalo ni kubwa kuliko matundu. Izungushe sampuli kwenye sentrifuji kwa kasi kubwa dakika 10, pakia maji ya juu. Mkanda ukitoweka kisimani, yalikuwa mabonge. Ukibaki, shuka hadi akrilamaidi asilimia 4.

Dalili: mkanda mpana, uliotanda kama ukungu

Himoglobini inafundisha vizuri hapa kwa kuwa ni nyekundu. Unaiona ikitembea bila kupaka rangi yoyote. Ukitumia jeli ya kukusanyia ya pH 6.8, ile ya kawaida ya SDS, keti uitazame. Albumini itajikusanya kuwa mstari mwembamba mbele. Himoglobini itasitasita, kwa sababu katika pH 6.8 iko karibu kabisa na sifuri yake na umeme hauna pa kuishika. Itaanza kusogea kwa nguvu baadaye, pale glaisini ya bafa itakapoipita na pH kupanda, nayo itakuwa haijakusanyika. Baadhi ya protini zikifika kwenye sifuri yao huganda hapohapo.

Kwa protini kama hizi mimi huacha kabisa jeli ya kukusanyia. Namimina jeli moja ya pH 8.8 hadi juu, na napakia ujazo mdogo, mikrolita 5, kwa sababu unene wa sampuli kisimani ndio utakaokuwa unene wa mkanda.

Ukungu ukiwa wa protini zote, hata albumini, shuku chumvi na joto. Sampuli yenye chumvi nyingi hupanua safu yake na kubana za jirani, nayo inaondolewa kwa kuibadilishia bafa kabla ya kupakia. Joto linapunguzwa kwa kukimbiza jeli kwenye chumba cha nyuzi 4, volti 100 hivi kwa jeli ndogo, hata kama itachukua muda mara mbili ya SDS. Mikanda ikijikunja kama tabasamu, katikati mbele na pembeni nyuma, joto limezidi katikati.

Dalili: kundi ulilolitegemea halipo, vipande vyake vipo

Kundi la protini hukaa pamoja kwa makubaliano ya muda. Himoglobini ni nusu mbili, kila nusu ina alfa moja na beta moja, na nusu hizo huachana na kurudiana mfululizo. Ikiwa imebeba oksijeni, zinakuwa nusu kwa nusu takriban pale mkusanyiko unapofika mikromola 1. Piga hesabu ya mkanda wako. Upana milimita 5, unene wa jeli 0.75, kimo 1: karibu mikrolita 4. Mikrogramu 10 humo ni miligramu 2.5 kwa mililita, yaani mikromola 39, na himoglobini iko nzima. Pakia mikrogramu 0.1 upake rangi ya fedha, na mkusanyiko ni mikromola 0.4, sehemu kubwa imeachana. Mkanda uliouona leo na ule wa jana haufanani, na hakuna aliyekosea isipokuwa kipimo cha kupakia. Kwa hiyo kundi likikosekana, pakia mfululizo: mikrogramu 20, 10, 5, 1. Mahali pa mkanda pakihama kadiri unavyopunguza, kundi linafumuka kwa kupungua msongamano.

Kuachana huku kunaweza hata kuficha kitu ambacho kipo. Mtu aliyerithi himoglobini ya kawaida kwa mzazi mmoja na ya selimundu kwa mwingine ana, ndani ya chembe zake, himoglobini mseto zenye beta moja ya kila aina. Ungetegemea mikanda mitatu. Unapata miwili. Mseto unapotembea, nusu zake huachana, nusu ya kawaida inavutwa mbele na ya selimundu inabaki nyuma, kila moja inakutana na wenziwe, na mkanda wa kati haujengeki. Jeli haikusema uongo, ila ilichukua muda mrefu kuliko maisha ya kundi. Ukihitaji kuona kundi dhaifu namna hiyo, lifunge kwa kemikali ya kuunganisha kabla ya kulipakia.

Sababu nyingine ni ya aibu kidogo kwa maabara. Katika maabara niliyoanzia kazi, tangi moja lilitumika kwa jeli za SDS asubuhi na za asili mchana. Wiki mbili himoglobini yangu ilikuwa inatoa doa hafifu la hudhurungi linalokimbia pamoja na bromofenoli, wala hapakuwa na mkanda mwekundu mahali pake. Nilibadilisha damu, nikabadilisha bafa, nikabadilisha akrilamaidi. Ilikuwa SDS iliyobaki kwenye kitana na kwenye mipira ya tangi, ikiifumua himoglobini hadi minyororo ya kilodaltoni 16. Tangu hapo nina kitana, vioo na tangi vilivyoandikwa kwa wino usiofutika kwamba havigusi SDS. Na himoglobini naipakia kwenye safu ya pembeni ya kila jeli ya asili: ikibaki nyekundu na mahali pake, vyombo ni safi.

Dalili: protini za utando hazitoki, au zote zinatoka pamoja

Hapa mbinu ya kawaida huishia. Mwaka 1991 Schägger na von Jagow walitoa njia ya jeli ya bluu, kwa ajili ya makundi ya mitokondria. Wanatumia rangi ya Kumasi aina ya G-250, ambayo jina lake linatokana na mji wa Kumasi ulioko Ghana ya leo. Rangi hiyo hujibandika juu ya protini bila kuifumua na kuipa chaji hasi, hata kama sifuri yake iko pH 10. Kwa kuwa sasa karibu zote zinavutwa kuelekea upande mmoja, kwenye jeli inayokazwa taratibu kutoka asilimia 4 hadi 16 kila kundi hutembea mpaka matundu yanapolibana, na hapo mahali pa mkanda hukaribiana na uzito. Nasema hukaribiana. Protini isiyoshika rangi itaenda kwa chaji yake kama zamani, na ndefu itasimama mapema. Kosa linaloonekana mara nyingi ni sabuni ya kuyeyushia utando: dijitonini huacha makundi makubwa ya mitokondria yakiwa yameshikana, dodesili maltosidi huyaachanisha. Ukipata makundi machache au mengi kuliko mwenzako, linganisheni sabuni kabla ya kulinganisha mitokondria.

Dalili: mkanda mmoja safi, lakini una shaka

Mkanda mmoja haumaanishi protini moja. Himoglobini ya selimundu na ile iitwayo D zina badiliko mahali tofauti kwenye beta, lakini zote zimepoteza chaji ileile, kwa hiyo kwenye pH 8.6 hukaa pamoja. Maabara za hospitali huzitenganisha kwa kurudia kwenye jeli ya agari yenye sitreti, pH 6 hivi. Ukibadilisha pH unabadilisha chaji ya kila kitu, na viwili vilivyoshikamana kwa bahati mara nyingi huachana.

Njia ya pili ndiyo tuliyomalizia na jeli ya kijana wetu. Tulikata safu nzima ya himoglobini kutoka jeli ya asilimia 6, tukailoweka nusu saa kwenye SDS asilimia 1 yenye merkaptoethanoli, tukailaza juu ya jeli mpya ya SDS na kuikimbiza kwenda chini. Kama mkanda ule ungekuwa na albumini iliyovuja kutoka safu ya jirani, tungeona doa kwenye 66. Tuliona doa moja kwenye 16, chini ya mahali hasa ambapo himoglobini ilikuwa imesimama.